Jinsi ya Kuwa Mkurugenzi Mtendaji kwa Shilingi Elfu Ishirini

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu mmoja tu: yule anayekaanga pweza peke yake, anayeosha sahani peke yake, anayefukuza paka peke yake, na ambaye sasa anataka karatasi ya kuthibitisha kwamba yeye ni kampuni. Karatasi hiyo haipo. Ipo nyingine inayofanana nayo kwa mbali, hasa ikishatiwa laminesheni, na bei yake ni shilingi 20,000. Watu wengi wa mwambao wetu, kuanzia Horohoro hadi Pangani, wameitundika ukutani na kuanza kuitwa wakurugenzi siku hiyo hiyo. Nawe hutashindwa.

Kwanza, jina linalokuzidi kimo

Kuna njia ya bure kabisa ambayo nakushauri usiifuate. Sheria ya Usajili wa Majina ya Biashara, ile ya Sura ya 213, haimdai usajili mtu anayefanya biashara kwa jina lake halisi bila kuongeza kitu. Ukiandika kwenye ubao jina lako na la ukoo wako, ukanyamaza, Msajili hana neno nawe. Usajili unaanza kukuhusu pale unapoongeza mapambo: "na Wanawe", "Entapraizi", "Bidhaa za Bahari", au jina lolote ambalo mama yako hakukupa.

Lakini nani atampa mkataba mtu anayeitwa kama alivyoitwa siku ya akika? Wewe unahitaji mapambo. Tuchukue kwamba unauza pweza karibu na Deep Sea, hapa Tanga mjini, na umeamua kuitwa Bamvua Intanashino Grupu. "Bamvua" kwa sababu pweza hupatikana vizuri maji yakikauka sana. "Intanashino" kwa sababu mwaka juzi mteja mmoja alitokea Lungalunga. "Grupu" ni wewe na yule paka.

Msajili anaweza kulikataa jina lako ikiwa linafanana mno na lililokwisha kuandikwa, au linamfanya msomaji adhani kuwa serikali ina mkono ndani yake. Kwa hiyo, kabla hujaanza kupendana na jina, litafute kwenye mtandao wa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA. Utafutaji hauna malipo. Utashangaa ni watu wangapi waliokwisha kuota ndoto yako.

Neno moja lisikuponyoke: "Limited". Mwisho wa jina la biashara halikai, kwa kuwa hilo ni mali ya makampuni, na Sheria ya Makampuni inamhesabia kosa mtu anayelitumia bila kuwa kampuni yenye ukomo wa dhima. Fundi wa mabango kule Ngamiani hatakuonya. Yeye analipwa kwa herufi, na "Limited" ina herufi saba.

Pili, mtandao na kijana wa steshenari

Zamani ungepanda basi la alfajiri mpaka Dar es Salaam, ushuke, uulize njia ya jengo la Ushirika pale Lumumba, ukute foleni, urudi usiku ukiwa umeambiwa uje wiki ijayo. Tangu mwaka 2018 mambo yote yamehamia kwenye mfumo wa mtandao unaofunguka kwa anwani ors.brela.go.tz. Siku hizi huendi kokote. Unakwenda steshenari.

Hapo ndipo kosa kubwa la mwambao huu linapozaliwa, na linazaliwa kimya kimya. Kijana wa steshenari anakuuliza, "Shangazi, una barua pepe?" Unamwambia huna. Anasema, "Usijali, natumia yangu." Anatumia pia namba yake ya simu, kwa kuwa yako iko chaji. Unalipa, cheti kinatoka, mnaagana kwa dua. Mwaka wa pili unataka kubadilisha anwani kwa kuwa umehama Deep Sea ukaenda Sahare, na huku kijana amehamia Arusha, nywila kaondoka nayo, na ujumbe wote wa Msajili unaingia kwenye simu isiyopatikana. Grupu yako imebaki kuendeshwa na mtu asiyejua hata kukaanga. Kwa hiyo fungua barua pepe yako kwanza, hata kama hutaisoma maisha yako yote, na nywila iandike kwenye daftari la madeni, ambalo najua hulipotezi kamwe.

Utahitaji namba ya NIDA, kwa sababu mfumo huchukua jina lako kutoka huko. Kama kitambulisho kinasema Mwanahawa na mtaani wanakuita Mwana, cheti kitamtaja Mwanahawa. Utaulizwa biashara iko wapi, mpaka kata na mtaa, na utachagua aina ya shughuli kwenye orodha ndefu. Usichague kila kitu. Najua unakusudia siku moja kuuza saruji, kukodisha magari na kuagiza mchele, lakini mtu atakayesoma kumbukumbu zako kesho akikuta pweza, saruji na ushauri wa kitaalamu kwa pamoja, hatakuona tajiri. Atakuona mwongo.

Mfumo utakupa kontroo namba. Ada ya maombi 5,000, ada ya usajili 15,000; unalipa kwa simu. Ukikosea mahali, ombi linarudishwa ulirekebishe, halifi. Likipita, unapakua nyaraka mbili: cheti chenyewe, na dondoo la daftari, ambalo linaeleza jina, mwenye jina, mahali na shughuli. Watu wengi hutundika cheti na kulitupa dondoo. Benki ikija kukufungulia akaunti inayataka yote mawili, na ukinikamata mimi nichague moja, ningechagua dondoo, maana ndilo linalosema habari.

Tatu, sasa soma ulichonunua

Hatua hii hufanywa na wachache sana, hata miongoni mwa wanaovaa miwani. Juu ya karatasi yako imeandikwa "Certificate of Registration". Juu ya karatasi ya kampuni huandikwa "Certificate of Incorporation". Kwa umbali wa kutoka kizingitini hadi kwenye meza ya mhasibu, hizo ni karatasi za ukoo mmoja: nembo ile ile, ofisi ile ile, jina la Msajili lile lile. Tofauti iko kwenye sheria iliyotajwa. Yako inataja Sheria ya Majina ya Biashara. Ya kampuni inataja Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, na inatamka kwamba tangu siku hiyo kampuni imeundwa na kwamba dhima yake ina ukomo.

Maana yake ni kuwa cheti cha kampuni kinatangaza kuzaliwa. Asubuhi hakukuwa na mtu, jioni yupo: anaweza kumiliki kiwanja, kudai, kudaiwa, kufungua akaunti, na hana tumbo. Sheria inakipa cheti hicho uzito wa pekee, kwamba kikishatolewa, ni ushahidi wa kukata maneno kuwa masharti ya kuandikisha yalitimizwa. Mtu hawezi kuja miaka mitano baadaye akasema kampuni haikuzaliwa kwa kuwa fomu fulani ilijazwa kwa wino mwekundu.

Cheti chako hakimtangazi mtu yeyote mpya. Kinasema: fulani, ambaye tayari yupo, ameandikisha kwamba anafanya biashara kwa jina hili, mahali hapa, tangu tarehe hii. Basi. Jina la biashara ni kofia. Ukiivua, chini yake upo wewe na deni lako.

Kwa nini basi serikali ihangaike kuandika kofia za watu? Hapa historia ina ucheshi wake. Sheria ya namna hii tumeirithi kwa Waingereza, waliopitisha ya kwao mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu. Ndio hao hao ambao mwezi Novemba mwaka 1914 walishuka hapa Tanga na jeshi kubwa, wakarudishwa majini na Wajerumani na askari wao, na nyuki nao wakatia mkono. Kule kwao walikuwa na wasiwasi mwingine: nyuma ya bango lenye jina zuri la Kiingereza inawezekana kuna Mjerumani anauza. Wakaamuru kwamba kila anayefanya biashara kwa jina lisilo lake aseme yeye ni nani. Sheria ilivyokuja huku na utawala wao, ilikuja na shabaha ile ile.

Kwa hiyo daftari hilo halikuwekwa kwa ajili yako. Liliwekwa kwa ajili ya wanaokudai. Aliyekuuzia mafuta ya kukaangia kwa mkopo ana haki ya kujua kwamba Bamvua Intanashino Grupu ni mama mmoja anayekaa Makorora, nyumba yenye mlango wa kijani. Ndiyo sababu sheria inakutaka ukitundike cheti mahali pa wazi penye biashara yako. Wewe unadhani unajitapa. Kwa macho ya sheria umejitambulisha.

Vitu ambavyo cheti hicho hakivithibitishi ni vingi, na kwa kawaida ndivyo anavyotaka kuthibitishiwa anayekuomba cheti. Hakisemi una mtaji. Hakisemi unalipa kodi. Hiyo ni kazi ya namba ya mlipakodi na cheti cha TRA. Hakikupi ruhusa ya kufanya biashara: ruhusa ni leseni, na kwa biashara kama yako leseni hutoka Halmashauri ya Jiji, ina tarehe ya kufa, na Afisa Biashara anaijua tarehe hiyo kuliko siku yake ya kuzaliwa. Nimeona watu wakimwonyesha cheti cha jina mkaguzi wa leseni, kwa tabasamu la mtu aliyeshinda. Mkaguzi hukisoma, hukisifia, kisha huandika faini.

Nne, pata mkataba mkubwa uone

Sasa Mungu akupe ulichokiomba. Hoteli moja upande wa Pangani inataka pweza kilo 50 kila wiki kwa shilingi 10,000 kilo. Hiyo ni 500,000 kwa wiki. Meneja ametazama cheti ukutani, ameona neno Grupu, ameridhika. Anakupa malipo ya awali ya wiki nane, shilingi 4,000,000, ununue friza na uwalipe wavuvi mapema. Mkataba unasema: "Kati ya Hoteli na Bamvua Intanashino Grupu, kampuni iliyosajiliwa Tanzania, itakayoitwa hapa Kampuni." Unasaini chini ya maneno Mkurugenzi Mtendaji. Paka anashuhudia.

Wiki mbili unapeleka. Wiki ya tatu kusi inakaza, wavuvi hawatoki, na wanaotoka wanarudi na kilo sita. Wiki ya nne umeme unakatika usiku, unarudi kwa kishindo, friza inatoa moshi mdogo wa kuaga. Umekwisha peleka pweza wa 1,000,000. Hoteli inadai 3,000,000 zake.

Wewe, kwa utulivu wa mtu aliyesikia kwamba kampuni ikifilisika mwenyewe haguswi, unamjibu meneja: "Bwana, hilo ni deni la Grupu. Mimi ni mkurugenzi tu." Jibu hilo ni zuri na limewahi kushinda kesi kubwa, ila si kwako. Wakili wa hoteli anafungua mtandao, anasoma kumbukumbu za jina lako, anakuta jina la Mwanahawa wa Makorora, anafurahi. Kanuni za mashauri ya madai zinamruhusu akushtaki hata kwa lile jina la bango, na hukumu ikitoka itakufuata wewe. Lakini ajabu yake ni hii: wewe ukitaka kuwashtaki wao, huwezi kusimama kama Bamvua Intanashino Grupu. Jina hilo halina miguu ya kuingilia mahakamani. Itabidi uje kama Mwanahawa, anayefanya biashara kwa jina la Bamvua Intanashino Grupu. Mashauri ya watu wenye madai halali kabisa yametupwa kwa kufunguliwa na jina tupu, nao wakaambiwa warudi mwanzo, kwa ada nyingine, na hapo muda wa kisheria wa kudai umezidi kwenda.

Tuseme hoteli imeshinda, na dalali wa mahakama yuko mlangoni. Sheria haina roho mbaya kama unavyodhani. Nguo zako, vyombo vya kupikia, matandiko na zana za fundi haziguswi, na hata nyumba unayoishi na familia imekingwa katika utekelezaji wa hukumu ya namna hii, alimradi hukuiweka rehani mwenyewe. Lakini pikipiki ya mume uliyoinunua kwa jina lako, akiba iliyo benki, na kile kiwanja cha Pongwe ulichokuwa unakihifadhi kwa ajili ya mtoto, hivyo vyote viko mezani. Havikuwa mali ya Grupu. Grupu haijawahi kuwa na mali. Kila kilichokuwa chake kilikuwa chako, pamoja na hasara.

Na yale maneno "kampuni iliyosajiliwa" kwenye mkataba? Hayakukugeuza kampuni. Yamekuongezea tu swali la kujibu, maana ulisaini jambo ambalo wewe mwenyewe ulijua si kweli, na mwenye hasira zake anaweza kuliita udanganyifu.

Tano, kama umekasirika, nenda ukaandikishe kampuni

Yule aliyeshinda kwa jibu la "hilo ni deni la kampuni" alikuwa fundi viatu wa London, Aron Salomon. Mwaka 1892 aliiuzia biashara yake ya viatu kampuni aliyoiunda yeye, akachukua hisa 20,001, na mkewe na watoto watano wakapewa hisa moja moja. Biashara ikaanguka. Wadai wakasema huyu ni Salomon yule yule kavaa koti. Mwaka 1896 mabwana wa mahakama ya juu ya Uingereza wakasema hapana: kampuni ni mtu mwingine, hata kama hisa karibu zote ni za mmoja. Uamuzi huo unasimama hadi leo katika nchi zote zilizorithi sheria hizo, na yetu imo. Hapa kwetu unaiona kila siku bila kufikiri: Tanga Cement imebadilisha wenye hisa kubwa, na kiwanda cha Pongwe kinaendelea kuwa cha mtu yule yule, ambaye ni kampuni.

Basi na wewe unataka. Karibu, lakini kaa kitako kwanza. Unahitaji katiba ya kampuni, wanahisa (kwa kampuni binafsi ya kawaida ni wawili, na paka hana NIDA), wakurugenzi, katibu, tamko la kisheria linalothibitishwa na wakili, na fomu ya kuwataja wamiliki halisi wanaonufaika, maana siku hizi serikali inataka kujua nani yuko nyuma ya kampuni kama vile zamani ilivyotaka kujua nani yuko nyuma ya bango. Ada ya usajili hupanda kwa kadiri ya mtaji: ile ya chini kabisa, kwa mtaji usiozidi milioni moja, ni 95,000, na juu yake kuna ada za kuwasilisha nyaraka na malipo ya wakili ambaye naye ana watoto shuleni.

Ukimaliza hapo ndipo unaanza. Kila mwaka kampuni inapeleka taarifa ya mwaka kwa Msajili kwa ada ya 22,000, iwe iliuza pweza au ililala, na ukichelewa kuna tozo inayokua mwezi hadi mwezi. Jina la biashara lina ada yake ya mwaka pia, 5,000, ambayo watu hulimbikiza mpaka siku wanayotaka kubadilisha kitu ndipo wakakuta hesabu inawasubiri. Upande wa kodi, mtu binafsi mwenye mauzo yasiyozidi milioni 100 kwa mwaka hukadiriwa kwa mauzo yake, kwa utaratibu mwepesi. Kampuni haina wepesi huo, inatakiwa hesabu zilizoandaliwa na mhasibu anayetambulika na kodi ya asilimia 30 ya faida. Mkaanga pweza aliyekimbilia kampuni ili aonekane mkubwa hujikuta analipa mhasibu kuliko anavyomlipa mvuvi.

Na ile kinga yenyewe ina tundu. Siku kampuni yako itakapokwenda kuomba mkopo wa friza mpya, benki itaangalia cheti cha kuundwa kampuni, itakipongeza, kisha itakusukumia karatasi moja zaidi: dhamana binafsi ya mkurugenzi. Ukisaini hiyo, ukuta aliojijengea Salomon umeutoboa mlango mwenyewe, na mwenye ufunguo ni benki. Tundu la pili hulitoboa kwa mkono mtupu: unapolipia ada ya shule kwa fedha za kampuni, mchele wa nyumbani kwa fedha za kampuni, harusi ya binamu kwa fedha za kampuni. Mahakama ikikuta mifuko miwili imeshonwa kuwa mmoja, inaweza kukataa kuiona tofauti ambayo wewe mwenyewe hukuiona.

Kwa hiyo ushauri wangu, na hapa naomba niache mzaha kwa aya moja: kama biashara yako ni wewe, jiko lako na wateja wanaolipa taslimu, jina la biashara linakutosha kabisa na ni karatasi ya heshima. Kampuni ina maana pale mnapokuwa wawili mlioweka fedha pamoja, au mnapochukua hatari kubwa kuliko mnachomiliki, au biashara inapotakiwa kuishi kuliko mwenyewe.

Hilo la mwisho watu wa pwani tunalikwepa kulitaja. Ukifa na jina la biashara, unakufa nalo. Wanao wanarithi friza, deni la hoteli na wateja wakitaka kubaki. Msimamizi wa mirathi hawezi kwenda kukaanga kwa jina lako kana kwamba upo. Anatakiwa kumjulisha Msajili, na anayetaka kuendelea anaandikishwa yeye. Kampuni hailii msiba. Hisa zako zinagawiwa kwa warithi kwa mafungu yao, na kampuni inaamka kesho yake ikaagize mafuta.

Mambo mawili madogo kabla hujaondoka

Umeandikisha jina, unaamini ni lako. Siku moja unapita barabara ya kumi na mbili Ngamiani unaona mtu anauza achari kwenye chupa zenye neno Bamvua na mchoro wa pweza. Unamkimbilia na cheti. Cheti cha jina hakikufanyi mwenye alama. Alama ya biashara huandikishwa peke yake, kwa sheria yake ya mwaka 1986, inadumu miaka saba kisha inaongezwa miaka kumi kumi. Kama yule wa achari aliiandikisha yeye, jiandae kuwa wewe ndiye utakayeondoa mchoro.

Na ukiona Tanga imekuwa ndogo ukavuka maji na pweza wako mpaka Pemba, vua kofia bandarini. Usajili wa biashara si jambo la Muungano. Kule kuna wakala wao, BPRA, na sheria yao ya mwaka 2012, na Bamvua Intanashino Grupu kwao haijulikani, inaanza upya kama mgeni mwingine yeyote.

Sita, jibu la kumpa meneja

Hoteli ya pili ikija, nayo itakuja, maana pweza wako ni mzuri na mimi nimemla, itakutumia fomu ya wauzaji. Kwenye fomu kuna kisanduku kinachoomba cheti cha kuundwa kampuni. Usipakie kile cha jina ukitumaini hawatasoma. Siku watakayosoma itakuwa siku wanayotafuta sababu ya kutokulipa. Andika pale kwamba wewe ni mfanyabiashara binafsi, ambatisha cheti cha usajili wa jina, dondoo la daftari lililochapishwa mwezi huo, namba ya mlipakodi na leseni ya mwaka huu. Wahasibu wengi wanajua tofauti na watakubali. Aliyeandaa fomu ndiye aliyekuwa hajui.

Kisha ukiletewa mkataba, kabla ya bei na kabla ya kilo, tazama mstari wa kwanza. Futa neno "kampuni". Andika jina lako lote kama lilivyo kwenye NIDA, ufuatishe maneno "anayefanya biashara kwa jina la Bamvua Intanashino Grupu". Kwenye nafasi ya cheo, andika "Mmiliki". Meneja atauliza Mkurugenzi Mtendaji yuko wapi. Mwambie ametoka, amekwenda kununua mkaa.